Alizeti Huingia Juni, Rejesho Hudaiwa Februari

Februari mashine nyingi ndogo za kukamua alizeti mkoani Singida huwa kimya. Mbegu iliyopandwa Desemba na Januari bado iko shambani, magunia ya msimu uliopita yamekwisha ghalani, na kijana anayeendesha mashine amekwenda kupalilia kwao. Kisichopumzika ni deni. Tarehe ikifika simu inalia, na kiasi kinachodaiwa ni kilekile kilichodaiwa Septemba, wakati mashine ilikuwa ikinguruma hadi usiku.

Mikopo mingi ya vifaa hupangwa hivyo. Deni na riba yake hugawanywa kwa idadi ya miezi, na kila mwezi mkopaji anatoa kiasi kimoja. Mpango huo unamfaa mwalimu au nesi, ambaye mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi. Mwenye mashine ya alizeti hana mshahara. Kanda ya kati ya Tanzania inapata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, kati ya Mei na Julai hivi. Mapato ya miezi kumi na miwili yanategemea mavuno hayo mamoja.

Makala haya yanafuata mkopo mmoja kutoka siku unapotolewa hadi rejesho la mwisho. Mkopaji ni mama mwenye mashine ndogo nje kidogo ya mji. Tarakimu zake ni za mfano, tumezipanga ili hesabu ionekane, maana bei ya gunia na kiwango cha riba hubadilika mwaka hadi mwaka na mkopeshaji hadi mkopeshaji. Msomaji aweke namba zake mwenyewe mahali pa hizi.

Mashine ya zamani ya mama huyu imechakaa. Anataka nyingine yenye nguvu zaidi, pamoja na mota, chujio la mafuta na gharama za kuvuta umeme wa fezi tatu. Vyote vinafika shilingi milioni 12. Mkopeshaji yuko tayari kumpa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye salio la deni, kwa miezi 24. Kompyuta ya afisa mikopo inatoa rejesho la shilingi 634,500 kila mwezi.

Afisa anapiga hesabu ya mwaka. Mama amesema kwamba baada ya gharama zote, biashara inambakizia shilingi milioni 11 na laki tatu na nusu kwa mwaka. Marejesho ya mwaka ni milioni 7 na laki sita. Kwa hesabu hiyo mkopo unalipika, na afisa hakukosea. Tatizo halionekani mpaka mwaka upasuliwe vipande.

Juni ina foleni, haina pesa

Anayepita Juni mbele ya mashine ya alizeti ataapa kwamba hapo pesa inamwagika. Mikokoteni ya punda imejaa magunia, wakulima wamekaa kivulini wakisubiri zamu, madumu yamepangwa. Ukimwuliza mtu mwezi wa kulipa rejesho kubwa, atakuambia Juni au Julai bila kufikiri. Hapo ndipo mipango mingi ya msimu, hata ile iliyotengenezwa kwa nia njema, inapokosea.

Mwenye mashine ana njia mbili za kupata pesa. Ya kwanza ni kuwakamulia wengine kwa ujira, ambapo mkulima analeta alizeti yake, analipia, anaondoka na mafuta. Wengine huacha mashudu kama sehemu ya malipo. Njia hii inaleta pesa ndogo ya haraka, na ndiyo inayotengeneza ile foleni. Ya pili ni kununua alizeti mwenyewe, kuikamua, na kuuza mafuta na mashudu. Faida kubwa iko huku, na alizeti hununuliwa wakati wa mavuno, inapokuwa nyingi na bei iko chini. Kwa hiyo Mei, Juni na Julai kila shilingi inayoingia inatoka siku hiyohiyo kwenda kununua magunia. Mauzo yapo, lakini pesa imegeuka alizeti na imekaa ghalani.

Inarudi baadaye. Kuanzia Agosti mama anakamua akiba yake na kuuza taratibu, na mara nyingi mafuta hupanda bei kadiri alizeti inavyoadimika vijijini. Agosti hadi Desemba ndiyo miezi ya mavuno yake yeye. Januari ghala linaelekea kuisha, Machi limebaki vumbi.

Tukiweka namba, mwaka wake una vipande vitatu. Mei hadi Julai, baada ya kununua magunia, kulipa umeme na vibarua na kula nyumbani, anabakiwa na kama shilingi 450,000 kwa mwezi. Agosti hadi Desemba anabakiwa na milioni 1 na laki nane kwa mwezi. Januari hadi Aprili ni 250,000 tu, zinazotokana na mashudu, mabaki ya mafuta na wateja wachache waliohifadhi alizeti yao.

Sasa rudisha lile rejesho la 634,500 kwenye vipande hivyo. Mkopo umetolewa mwisho wa Aprili, rejesho la kwanza ni mwisho wa Mei. Mama ana 450,000, anatakiwa kuongeza 184,500. Juni vilevile, Julai vilevile. Jumla ya pengo kwa miezi mitatu ni shilingi 553,500, na sanduku pekee lenye pesa wakati huo ni la kununulia alizeti. Gunia likiwa shilingi 60,000, pengo hilo ni magunia tisa yasiyonunuliwa. Lakini pesa ya alizeti huzunguka: gunia linakamuliwa, mafuta yanauzwa, linanunuliwa gunia jingine. Kama pesa ile ingezunguka mara nne kabla ya bei kupanda, hayo si magunia tisa tena, yamefika thelathini na sita. Mkopo ulioombwa ili mashine ikamue zaidi umeanza kwa kuipunguzia alizeti.

Januari hadi Aprili pengo linakua: 384,500 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni moja na nusu kwa miezi minne. Kwa karatasi, angeweza kuweka akiba Oktoba na Novemba. Wapo wanaoweza. Ila Januari ndiyo ada za shule, na pesa iliyo mkononi Novemba ina wajomba na shangazi wengi. Wengi huliziba pengo kwa mikopo ya mtaani, ile iliyopewa jina la kausha damu, na kuanzia hapo mtu anadaiwa mara mbili kwa mashine moja.

Kuipata namba ya kweli

Mpango mzuri unategemea zile namba tatu, 450,000, milioni 1.8 na 250,000, na watu wengi hawazijui zao. Wanajua mauzo. Daftari la mauzo likiwepo ni vizuri, ila mara nyingi lina kurasa nyingi za Agosti na hakuna kitu Machi, kwa kuwa kipindi kigumu hakuna anayetaka kuandika.

Kuna shahidi asiyesahau, nao ni umeme. Mashine yenye mita ya LUKU inanunuliwa yuniti kabla ya kuzungushwa, na kila ununuzi unaacha ujumbe wa simu au risiti. Ukikusanya ununuzi wa LUKU wa mwaka mzima na kuupanga kwa miezi, unaona mashine ilikamua lini na ilinyamaza lini. Mita ya nyumbani na ya mashine zikiwa moja, tazama mwezi mashine iliposimama kabisa, hayo ndiyo matumizi ya nyumbani, kisha yatoe kwenye miezi mingine. Taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima inasaidia upande wa mapato, hasa kwa wanaouza mafuta kwa wachuuzi wa mjini wanaolipa kwa simu.

Halafu zinaondolewa gharama, na hapa inafaa mtu awe mkali kwake mwenyewe. Magunia, umeme na vibarua havisahauliki. Vinavyosahaulika ni kodi ya makadirio ya TRA, inayolipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na pia vipuri na chakula cha nyumbani. Mwenye biashara ndogo anakula kutoka kwenye biashara hiyohiyo, na mpango unaojifanya hali chochote utavunjika mwezi wa pili.

Vipuri vinahitaji neno zaidi kwa sababu vinagusa uwezo wa kulipa deni. Ndani ya mashine kuna shafti yenye meno ya skrubu inayosukuma alizeti na kuibana. Mchanga na maganda huila. Ikiwa nzima, gunia la kilo 65 hutoa lita 15 hivi katika mashine ndogo. Ikilika, lita zinapungua, na mafuta yanayokosekana hayapotei, yanabaki kwenye mashudu. Fundi mzoefu huchukua mashudu ya moto yanapotoka, akayafinya kiganjani. Yakiacha mkono unang'aa mafuta, shafti imekwisha. Mtu aliyebanwa na rejesho huahirisha kununua shafti. Akipoteza lita mbili kwa kila gunia anapoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya mafuta yake, msimu mzima, ili kulipa rejesho la mwezi mmoja. Ndiyo maana pesa ya shafti na beringi inatolewa kabla ya kufika kwenye zile namba tatu.

Ratiba yenyewe

Baada ya kupata kinachobaki, mama asiahidi chote. Kipimo cha busara ni theluthi mbili. Theluthi moja inabaki kwa ajili ya bei kushuka, mashine kuharibika na mgonjwa nyumbani. Theluthi mbili za 450,000 ni 300,000. Za 250,000 ni kama 166,000, tuseme 150,000. Za milioni 1.8 ni milioni 1.2, na hapo tutamruhusu asogee kidogo, afike 1,250,000.

Kinachofuata ni kuuliza deni litakwisha lini kwa malipo hayo. Mei, Juni na Julai za mwaka wa kwanza analipa 300,000 kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 240,000, kwa hiyo deni linapungua kidogo sana. Julai inaisha akidaiwa milioni 11 na laki nane. Wengine huogopa kuona deni limesimama karibu palepale baada ya kulipa laki tisa. Lakini magunia yamo ghalani.

Agosti hadi Desemba analipa 1,250,000 mara tano. Mwaka unapofungwa, salio limeshuka hadi milioni 6 na laki tano na elfu arobaini hivi. Januari hadi Aprili analipa 150,000, na riba ya Januari ni kama 131,000. Maana yake analipa riba na kitu kidogo juu yake. Deni halikui, na ghala tupu halimfanyi mkosaji. Mwisho wa Aprili anadaiwa kama milioni 6 na laki nne na sitini.

Msimu wa pili unarudia ule wa kwanza, 300,000 mara tatu, kisha 1,250,000. Desemba ya mwaka wa pili rejesho la mwisho linakuwa shilingi 1,302,700 ili kuzoa mabaki, na deni limekwisha. Ni miezi 20, si 24. Kule kuisha Desemba ni sehemu ya mpango, kwani ratiba ya afisa ilikuwa inamalizikia Aprili, na marejesho manne ya mwisho yote yangeangukia ghala tupu kwa mara ya pili.

Je, unafuu huu ni bure? Hapana. Kwa miezi 20 ya malipo yaliyolingana, riba yote ingekuwa kama shilingi milioni 2 na laki sita na themanini. Kwa ratiba ya msimu imefika milioni 2 na laki tisa na hamsini. Tofauti ni kama shilingi 270,000, kwa sababu deni kubwa limekaa muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kushuka. Hiyo ndiyo bei ya kulipa wakati pesa ipo. Bado ni chini ya riba ya ile ratiba ya miezi 24, inayokaribia milioni 3 na laki mbili na thelathini. Kwa maoni yangu ni bei nafuu ukiiweka kando ya magunia thelathini na sita, lakini mkopaji ana haki ya kuiona kabla ya kusaini, na mkopeshaji anayesema ratiba ya msimu haiongezi chochote hasemi kweli.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja, kwamba riba inahesabiwa kwenye salio. Wapo wakopeshaji wanaohesabu asilimia kwenye deni lote la mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 2 hiyohiyo, milioni 12 ileile, miezi 24: riba inakuwa milioni 5 na laki saba na sitini, na rejesho 740,000 kwa mwezi. Swali la kumuuliza afisa ni fupi: nikilipa milioni sita mapema, riba ya mwezi ujao itapungua? Kama haipungui, kulipa kingi Agosti hakukupunguzii gharama, na nusu ya faida ya ratiba ya msimu imeondoka.

Jambo jingine la kuchunga ni ofa ya miezi ya kupumzika. "Miezi mitatu ya kwanza usilipe kitu," inasikika kama zawadi. Riba ya miezi hiyo haipumziki. Ikijumlishwa kwenye deni, milioni 12 inakuwa milioni 12 na laki saba na thelathini na nne kabla mtu hajalipa hata senti, na riba inayofuata inahesabiwa juu ya hiyo kubwa. Anayeweza kulipa walau riba kila mwezi, alipe.

Mezani kwa afisa mikopo

Afisa akiambiwa habari ya rejesho linalopanda na kushuka, jibu la kwanza huwa ni kwamba mfumo haukubali. Tuseme mazungumzo yanakwenda hivi.

"Mama, mfumo wetu unatoa kiasi kimoja kila mwezi."

"Nakuelewa, mwanangu. Ila huo mfumo haujui alizeti inavunwa lini. Nimekuja na LUKU zangu za mwaka mzima, hebu zitazame kwanza."

"Nikiandika laki na nusu Januari, meneja atasema nimekupendelea."

"Mwonyeshe na Agosti, nimeandika milioni moja na robo. Hapo nani kampendelea nani?"

Hofu ya afisa ina msingi wake. Wakopeshaji hupimwa kwa kiasi cha mikopo iliyochelewa, hasa iliyopita siku 30, na ratiba yenye miezi ya malipo madogo inamnyima njia ya kujua mapema kama mteja ameyumba. Mtu anayelipa laki sita kila mwezi akikosa, kengele inalia. Anayelipa laki na nusu miezi minne anaweza kuwa ameshauza mashine na bado analipa vizuri. Ndiyo sababu mpango wa kutolipa chochote kwa miezi kadhaa hukataliwa mara nyingi kuliko mpango wa kulipa kidogo kila mwezi. Lile rejesho dogo la Januari linamwambia mkopeshaji kwamba mteja yupo na mashine ipo. Mama anaweza pia kumkaribisha afisa aje Agosti, kabla ya rejesho kubwa la kwanza, ahesabu magunia ghalani kwa macho yake.

Mazungumzo ya mdomo hayatoshi. Kinachotakiwa ni ratiba iliyochapishwa, yenye tarehe, kiasi, riba, na salio baada ya kila rejesho, iambatanishwe na mkataba na isainiwe pande zote mbili. Afisa huhamishwa, na atakayemrithi hatajua mlikubaliana nini chini ya mwembe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziweka taasisi hizi chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo leseni ni jambo la kuulizwa mapema. Mkopeshaji asiyetaka kutoa ratiba kwa maandishi ni wa kuagwa.

Tarehe ya rejesho la kwanza nayo ijadiliwe. Pesa ya vifaa mara nyingi hulipwa moja kwa moja kwa muuzaji wa mashine, na saa ya deni inaanza siku hiyo. Mashine inaweza kufika, lakini umeme wa fezi tatu ukachelewa wiki kadhaa, au msingi wa zege ukawa haujakauka. Mkopo wa mashine kwa ajili ya msimu wa Mei unaombwa Februari au Machi, ili Aprili iwe ya kufunga na kujaribu. Ukitoka Julai, mama ameanza kulipa wakati wenzake wameshanunua alizeti ya bei ndogo.

Ikiwa mkopeshaji amekataa kabisa, bado kuna njia moja, ingawa ni ya wenye nidhamu. Mama anakubali rejesho la kila mwezi, kisha kuanzia Agosti anafungua akaunti isiyo na kadi wala simu na kuweka humo pengo la Januari hadi Julai, milioni 2 na laki moja hivi. Kwa mwaka wa kwanza haimsaidii Mei hadi Julai, kwa sababu msimu wa kuweka akiba haujafika. Laki tano na nusu hizo lazima awe nazo kabla ya kuchukua mkopo.

Mwaka mbaya

Ratiba inapangwa kwa mwaka wa kawaida, na alizeti haina miaka mingi ya kawaida. Mvua ikikatika Februari maua yanakauka. Bei ya mafuta nayo inategemea ushuru wa mafuta yanayoagizwa nje, ambao hutazamwa kila mwaka kwenye bajeti inayosomwa Juni na kuanza Julai 1. Tarehe hiyo inamkuta mama ameshajaza ghala kwa bei ya zamani.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ijaribu ratiba. Punguza kinachobaki Agosti hadi Desemba kwa robo: milioni 1.8 inakuwa 1,350,000. Rejesho la 1,250,000 bado linatoka, kwa kubana. Punguza kwa asilimia 40: inabaki 1,080,000, na kila mwezi kuna upungufu wa 170,000. Hapo ndipo theluthi iliyoachwa mwanzoni inapokuwa haitoshi, na mkataba unatakiwa uwe umeshasema kitakachofanyika. Kifungu cha kuomba ni hiki: mavuno ya wilaya yakiwa mabaya, marejesho makubwa mawili yanaweza kusogezwa hadi mwisho wa ratiba kwa kulipia riba yake tu, bila faini ya kuchelewa, mradi mkopaji ametoa taarifa kabla ya tarehe. Kuomba hayo Machi ukiwa unatafutwa kama mteja mpya ni rahisi kuliko Oktoba ukiwa tayari umechelewa.

Dalili za mwanzo huonekana kabla ya rejesho kukosekana. Mafuta yanauzwa Julai kwa bei ya hasara ili pesa ipatikane haraka. Mashudu yanachukuliwa malipo kabla hayajakamuliwa. Mashudu yenyewe yanaanza kung'arisha kiganja na hakuna anayetaja shafti. Ya nne, na hii ndiyo mbaya, rejesho la mkopo wa mashine linalipwa kwa mkopo mwingine. Ikitokea hata moja, ni wakati wa kwenda kwa mkopeshaji na daftari, kwa kuwa ucheleweshaji huandikwa kwenye kumbukumbu za mikopo ambazo wakopeshaji wengine huzisoma.

Shughuli nyingine zina kalenda zao. Fundi wa sare za shule ana Desemba na Januari. Nyumba ya wageni Zanzibar hupungukiwa wageni mvua za masika zinaponyesha, Aprili na Mei. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria ana msimu ndani ya mwezi wenyewe, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi inawaweka wavuvi ufukweni. Rejesho lake linafaa lifuate mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Wote wanaanza na hesabu ileile ya kinachobaki, na wote wana mwezi kama Juni ya alizeti, wenye watu wengi na pesa kidogo.

Desemba ya pili, shilingi 1,302,700 zikishalipwa, kazi ya makaratasi inabaki. Mashine ilikuwa dhamana. Mama adai barua ya kumaliza mkopo, arudishiwe hati au risiti halisi ya ununuzi iliyokuwa imeshikiliwa, na kama dhamana ilisajiliwa mahali, usajili ufutwe. Afanye hivyo mwezi huohuo, kwa sababu siku atakapotaka kuuza mashine au kuombea mtaji wa magunia, mnunuzi au mkopeshaji mpya atauliza kama mashine bado inadaiwa.